Posti ilipendwa, tangazo halileti wateja: kutafuta kosa kwenye kapsheni

Dada mmoja anayeuza mashuka Kariakoo alinipigia simu jioni. "Kaka, ile posti ya mashuka mapya watu waliipenda mno, mpaka nikaona niilipie. Siku ya nne leo. Hela inaliwa, WhatsApp kimya."

Nilimwomba anitumie skrinshoti ya posti na ya matokeo. Picha ilikuwa safi: mashuka matatu yamekunjwa juu ya kitanda, kila moja na namba yake, mwanga wa dirishani. Picha sikuwa na ugomvi nayo. Nikasoma kapsheni:

> Asubuhi njema wapendwa wangu! Jana mlinisumbua sana inboksi mkiuliza ule mzigo umefika au bado, haya sasa, Mungu ni mwema, umefika! Mnakumbuka nilivyowaambia umekwama bandarini? Wacha tu. Rangi ni zile zile mnazozipenda na kuna mpya. Wewe unapenda ipi, 1, 2 au 3? Niandikie kwenye komenti. Mtaje rafiki yako anayelalia shuka lililotoboka! Usisahau kufuata na ukurasa wetu wa mapazia. Bei njoo DM. Linki ya WhatsApp iko kwenye bio, au piga simu. Leo tu tunaleta bure kwa watano wa kwanza. #mashuka #kariakoo #mashukayapamba #daressalaam #nyumbani

Kwa wafuasi wake hii ni kapsheni nzuri, na nilimwambia hivyo. Inaongea nao kama jirani anavyoongea na jirani. Inawapa sababu ya kuandika komenti, na komenti ndizo zilizoisukuma posti ikawafikia wengine bila malipo. Shida ilianza pale alipoilipia huku akiiacha ilivyo. Tangazo hili alilitaka lilete kitu kimoja tu: mtu abonyeze kitufe, WhatsApp ifunguke, aagize. Kapsheni ilikuwa bado inafanya kazi yake ya zamani, ya kukusanya komenti, wakati safari hii kufika kwa watu kulikuwa kumeshanunuliwa kwa pesa.

Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine kama zilivyojitokeza kwenye tangazo lile, pamoja na mbili tatu ninazokutana nazo mara kwa mara kwa wauzaji wengine. Nazungumzia Facebook na Instagram, na kitendo ninachokitumia kama mfano ni kuandika WhatsApp, maana ndicho wauzaji wengi wa kwetu wanachokitaka.

## Kabla ya kuilaumu kapsheni

Angalia kwanza uliiagiza Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ikutafutie nini. Unapobonyeza Boost post unaulizwa lengo. Ukichagua kutembelewa kwa profaili, mfumo utakutafutia watu wenye tabia ya kufungua profaili, na ukichagua watu wa kupenda na kukomenti, utaletewa wapenda kukomenti. Kapsheni hata iandikwe na fundi gani, haiwezi kuwageuza hao kuwa wanunuzi. Kama lengo halikuwa kupata meseji, simamisha, anza upya na lengo sahihi, kisha ndipo upime maandishi.

Yule dada alikuwa amechagua meseji, na kitufe kilikuwa cha WhatsApp. Nikajaribu kukibonyeza mwenyewe, kikafungua namba yake sawasawa. Hilo nalo lijaribu, kwa simu ya mtu mwingine ikiwezekana. Nimewahi kukuta tangazo likipeleka watu kwenye namba ambayo mwenye duka alishaacha kuitumia.

## Dalili: watu wanabonyeza sana, lakini si kitufe

Ndani ya Ads Manager, ukurasa wa Meta wa kusimamia matangazo, kuna safu mbili ambazo wengi huzichanganya. `Clicks (all)` inahesabu karibu kila mguso: aliyependa, aliyekomenti, aliyefungua profaili, aliyekuza picha. `Link clicks` inahesabu waliogusa ile njia unayoitaka wewe, yaani waliobonyeza kwenda WhatsApp. Kama safu hizi hazionekani, zipo kwenye orodha ya Columns, unaziongeza.

Kwa tangazo la mashuka, baada ya siku nne na shilingi 40,000, safu ya kwanza ilisoma 640. Ya pili ilisoma 41. Mazungumzo yaliyoanza WhatsApp yalikuwa 6. Kwa hiyo watu hawakulipuuza tangazo. Walivutiwa, wakanyoosha kidole, kidole kikaenda kwingine.

Kilikwenda wapi? Rudi kwenye kapsheni, uchukue kalamu na kuhesabu kila mahali mtu anapoambiwa afanye jambo. Andika rangi kwenye komenti. Mtaje rafiki. Fuata ukurasa wa mapazia. Njoo DM. Nenda kwenye bio. Piga simu. Hayo ni maagizo sita, na hakuna hata moja linalotaja kitufe kilichopo hapo hapo chini ya picha. Ongeza hashitagi tano, kila moja ni mlango wa kutokea: ukiigusa unaondoka kwenye tangazo uliloligharamia, unaingia kwenye mashuka ya washindani wako.

"Linki iko kwenye bio" inastahili neno la peke yake, kwa sababu ndiyo inayoumiza kimya kimya. Kwenye posti ya kawaida ya Instagram ina maana, kwani linki ukiiandika ndani ya kapsheni haibonyezeki. Kwenye tangazo, linki iko tayari kwenye kitufe. Mteja mtiifu anayefuata maelezo yako anakiacha kitufe, anafungua profaili, anatafuta linki, na akiwa humo anakutana na picha nyingine hamsini. Akifika WhatsApp kwa njia hiyo, ripoti ya tangazo haitamhesabu kuwa ameanza mazungumzo. Aliyepiga simu moja kwa moja naye haonekani. Kwa hiyo unapoteza mara mbili: wengine wanaishia njiani, na hata wanaofika mfumo haujifunzi kutoka kwao kwamba watu wa aina hiyo ndio wa kuwatafuta zaidi.

Dawa yake ni kufuta maagizo yote isipokuwa moja, na hilo moja litaje kitufe. Hashitagi toa zote. Hazikusaidii kitu kwenye tangazo, maana anayeliona amechaguliwa na mfumo wa matangazo, hakufika kwa kutafuta hashitagi. Namba ya simu toa pia, hata kama roho inasita. Wauzaji wengi hunibishia hapo: "Kuna wazee wanapenda kupiga." Ni kweli wapo. Kama wateja wako wengi ni wapigaji, basi kitendo chako kimoja kiwe kupiga simu na kitufe kiwe cha simu. Ila usiviweke viwili.

Kutaja rafiki nako kuna historia yake. Facebook ilitangaza Desemba 2017 kwamba posti zinazoomba kutajwa rafiki, kupendwa au kukomentiwa kwa kulazimisha zitashushwa. Kwa hiyo hata kwenye posti ya bure ni mbinu ya kutumia kwa kiasi. Kwenye tangazo haina kazi kabisa, kwa kuwa rafiki aliyetajwa utamfikia kwa pesa kama anafaa.

Swali la "1, 2 au 3" sikulifuta. Lilikuwa zuri, watu walipenda kulijibu. Nililihamisha tu, kama utakavyoona, mpaka mahali ambapo kulijibu ndiyo kuagiza.

## Dalili: limeonekana na wengi, hakuna anayegusa chochote

Hapa safu zote mbili ziko chini. Kosa huwa kwenye mstari wa kwanza, au kwa usahihi zaidi, kwenye kile kipande kinachoonekana kabla maandishi hayajakatwa na neno la kumwambia mtu afungue aone zaidi.

Kipande hicho ni kifupi. Kwa mpasho wa kawaida, kadiria herufi 125 pamoja na nafasi, na sehemu nyingine kama Reels ni pungufu ya hapo. Nilizihesabu herufi 125 za dada yetu. Zinaishia hapa:

> Asubuhi njema wapendwa wangu! Jana mlinisumbua sana inboksi mkiuliza ule mzigo umefika au bado, haya sasa, Mungu ni mwema, um

Neno "mashuka" halijatajwa. Ukilisoma kama mgeni wa Tabata au Mbagala ambaye hujawahi kuiona akaunti hii, kuna mtu anakusalimia kama mnajuana, anakuambia ulimsumbua jana, na kuna mzigo usiojulikana. Mfuasi wake anajua "ule mzigo" ni upi, na kwake salamu ile ina joto. Mgeni anahisi amefungua mlango wa nyumba isiyo yake, anaurudisha taratibu.

Kinachotakiwa kwenye herufi hizo za mwanzo ni kitu chenyewe, kipimo, bei, namna kinavyomfikia mtu, na kitendo. Salamu inaweza kuondoka bila kukosa adabu, kwa sababu adabu kwa mtu anayepita ni kutompotezea muda. Ukitaka kujua kama umefanikiwa, fungua Preview ndani ya Ads Manager, uangalie kila mahali tangazo litakapotokea, halafu mpe simu mtu asiyejua biashara yako kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Muulize kinachouzwa ni nini na bei gani. Akikwama, kata tena.

## Dalili: komenti zimejaa "Bei?" na "Mko wapi?"

Hii ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo ambayo wauzaji huifurahia kimakosa. Wanaona komenti arobaini, wanaona tangazo linachangamka. Soma komenti zenyewe. Kama thelathini ni "bei", basi watu thelathini walikuwa tayari kununua na kapsheni ikawazuia mlangoni. Kila mmoja sasa anasubiri umjibu, na wakati unajibu "njoo DM", ameshalala.

"Bei njoo DM" ina sababu zake kwenye posti ya kawaida. Inazalisha komenti, na inakupa nafasi ya kuongea na mtu. Kwenye tangazo inakugharimu kwa namna mbili. Asiyeweza kumudu bei anakuandikia, anasikia bei, anaondoka. Umelipia mazungumzo ambayo bei tu ingeyachuja bure. Anayeweza kumudu anaogopa kwamba bei iliyofichwa ni kubwa au inategemea sura ya mteja, anapita. Andika bei. Kama bidhaa ina bei nyingi kwa saizi mbalimbali, chagua saizi moja inayotoka zaidi, utangaze hiyo. Dada aliuza 4x6, 5x6 na 6x6. Tukachukua 6x6 peke yake. Anayetaka 5x6 atauliza akiwa WhatsApp, na hapo ndipo tunapomtaka awe.

"Mko wapi?" ni upande mwingine wa kosa lile lile. Wafuasi wanajua duka liko Kariakoo, wameshafika. Mgeni hajui, na nyuma ya swali lake kuna jambo zito zaidi: anaogopa kutapeliwa. Watu wengi wamewahi kutuma pesa kwa akaunti ya Instagram wakaambulia kufungiwa. Kapsheni ya wafuasi haihitaji kuthibitisha uaminifu, imeshaujenga kwa miaka. Kapsheni ya tangazo inahitaji sentensi moja au mbili za ukweli unaoweza kukaguliwa: duka lipo mtaa fulani, Dar unalipa ukipokea, mikoani mzigo unapanda basi siku fulani. Usiandike "sisi ni waaminifu". Kila tapeli huandika hivyo.

Hapo hapo angalia maneno yenye tarehe. "Leo tu", "jana", "watano wa kwanza", "asubuhi njema". Posti ya bure huonwa zaidi siku ya kwanza na ya pili, basi maneno hayo yanaishi muda wake. Tangazo la siku saba litamwambia mtu "leo tu" siku ya saba, saa tano usiku, likimtakia asubuhi njema. Siku ya tatu kuna aliyemwandikia dada: "Mimi wa ngapi, bado naletewa bure?" Hakuwa na jibu la kumpa bila kuonekana muongo. Ofa ya tangazo iandikwe kwa tarehe kamili na iishe siku tangazo linapoisha, au isiwepo.

## Dalili: WhatsApp inaita, lakini kila mtu anaandika sentensi moja na kupotea

Ukiingia WhatsApp ukakuta safu ya meseji zinazofanana, zote zikisema "Hello! Can I get more info on this?", usidhani Waingereza wamekuvamia. Hayo ni maandishi yanayowekwa tayari na mfumo kwenye tangazo la WhatsApp. Mtu akigusa kitufe anayakuta yameshaandikwa, anabonyeza kutuma. Wengine hata hawajui wametuma nini. Ukimjibu "Karibu, unahitaji nini?" hana la kusema, kwa sababu hakuwa ameuliza kitu.

Kapsheni na meseji hiyo ya tayari ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili, na lazima vishikane. Kwenye Ads Manager unapotengeneza tangazo la meseji kuna sehemu ya kuandika salamu na maneno ya kumtayarishia mteja. Yabadilishe yawe Kiswahili, na yaendeleze pale kapsheni ilipoishia. Ndipo nilipolipeleka lile swali la rangi. Kapsheni inamwambia aandike namba ya rangi na mahali alipo, na akifika WhatsApp anakuta:

> Habari, nataka mashuka 6x6. Rangi namba: __ Nipo: __

Anajaza mapengo mawili. Muuzaji naye hahitaji kuuliza "unahitaji nini"; anajibu moja kwa moja gharama ya usafiri mpaka alipo mteja. Kama watu bado wanapotea baada ya hapo, tazama muda unaotumia kujibu na bei ya usafiri. Kapsheni imeshamaliza kazi yake.

Kuna sababu ya pili ya kupotea: kapsheni imeahidi kitu ambacho mazungumzo hayakitoi. "Tunaleta bure" kwenye tangazo, halafu WhatsApp anaambiwa bure ni Kariakoo na Ilala tu. Mteja habishani, ananyamaza. Kama kuna sharti, liwe kwenye kapsheni.

## Dalili: tangazo limekataliwa

Posti ilikaa kwenye ukurasa mwezi mzima bila neno, umeilipia, imekataliwa. Matangazo yanakaguliwa kwa kanuni kali kuliko posti, kwa kawaida ndani ya saa 24. Kwenye kapsheni za kwetu mkosaji mkubwa ni sentensi inayomnyooshea msomaji kidole kuhusu mwili, afya, dini, umri au hali yake ya pesa. "Wewe mama mwenye mgongo unaouma" haipiti, maana inadai kujua ugonjwa wa anayesoma. Geuza sentensi izungumzie bidhaa: "Godoro gumu la inchi 8". Hukupoteza mteja hata mmoja, mwenye mgongo unaouma anajijua.

## Urekebishe wapi: posti ile ile au tangazo jipya?

Hapa watu hufanya haraka wakaharibu. Wanakwenda kwenye posti ya zamani na kubadili kapsheni. Kwenye Instagram posti ikiwa inatembea kama tangazo, kapsheni yake huwezi kuibadili mpaka usimamishe. Na ukiweza, tazama utakachokiacha: chini ya posti ya dada kulikuwa na komenti themanini na kitu za "Namba 2!", "Mimi 3 jamani", "Bei?", na majibu yake ya "njoo DM". Ukifuta swali, majibu yanabaki yananing'inia. Ukiandika bei juu, chini yake bado inasomeka kwamba bei ni siri.

Njia ninayoipendelea ni kuacha posti ya wafuasi iishi kama ilivyo, na kutengeneza tangazo jipya ndani ya Ads Manager kwa picha ile ile na kapsheni mpya. Tangazo hilo halitokei kwenye ukurasa wako, kwa hiyo wafuasi hawasomi kitu kimoja mara mbili. Hasara yake ni kwamba linaanza na sifuri: hakuna aliyelipenda, hakuna komenti. Kwa mgeni anayeogopa kutapeliwa, hiyo ni hasara ya kweli.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, zisome komenti za zamani kwa macho ya mgeni. Kama ni za wateja wanaoshukuru, "nimepokea Dodoma, asante dada", hizo ni mali, itumie posti iliyopo na kapsheni ibadilishwe kabla ya kuilipia. Kama ni za kuchagua rangi na kuuliza bei, ziache zilipo. Za dada zilikuwa za aina ya pili.

Jambo jingine: ukibadilisha maandishi ya tangazo linalotembea, linarudi kukaguliwa, na mfumo unaanza upya kujifunza nani wa kumwonyesha. Meta wenyewe husema kujifunza huko hukaa sawa baada ya matokeo kama 50 ndani ya siku saba. Usirekebishe neno moja leo, jingine kesho. Kusanya dalili zote, andika kapsheni moja mpya, iache itulie angalau siku tatu nne kabla ya kuihukumu.

## Kapsheni tuliyoishia nayo

> Mashuka ya pamba 6x6: mashuka 2 na foronya 4, Sh 45,000. Dar tunakuletea ulipo, mikoani kwa basi. Agiza WhatsApp hapa chini.
>
> Rangi ni hizo tatu za pichani. Ukibonyeza kitufe, andika namba ya rangi na mahali ulipo, tukuambie gharama ya usafiri. Dar unalipa ukipokea. Mikoani unalipa kabla mzigo haujapanda basi, na tunakutumia picha ya risiti. Duka lipo Kariakoo.

Aya ya kwanza ina herufi 124. Tulihangaika nayo karibu saa nzima, hasa kwa sababu dada alitaka "mazuri sana" iingie, nami nikamwonyesha kwamba picha inalisema hilo. Aya ya pili ni ya mtu aliyeshawishika nusu, ndiye anayefungua kusoma zaidi, na kila sentensi inajibu hofu mojawapo ambayo tuliiona kwenye komenti za zamani.

Tuliweka shilingi 40,000 zile zile kwa siku nne, walengwa wale wale, picha ile ile. `Clicks (all)` ilishuka mpaka 290, na dada aliiona hiyo kwanza akanipigia kwa wasiwasi. Nikamwambia asogee safu ya pembeni: `Link clicks` zilikuwa 118. Mazungumzo yaliyoanza yalikuwa 25, badala ya 6. Ukigawa, mazungumzo moja yalitoka karibu shilingi 6,700 yakawa 1,600. Mara ya kwanza aliuza seti moja. Mara hii sita. Faida yake kwa seti ni kama 12,000, basi sita ni 72,000, toa 40,000 za tangazo, zinabaki 32,000. Hiyo ni biashara moja, bidhaa moja, siku nne. Ya kwako itasoma tofauti, lakini mwelekeo wa kuangalia ni huo: miguso ya jumla ipungue, ya kitufe iongezeke.

Komenti kwenye tangazo jipya zilikuwa tatu tu, na moja iliuliza kama kuna 5x6. Hapo usiandike "njoo DM" kwa mazoea ya zamani. Jibu bei ya 5x6 pale pale, umwambie abonyeze kitufe.

## Dalili ya mwisho: lilikuwa linaleta, sasa limepoa

Aliendelea kulilipia tangazo jipya, na wiki ya tatu alinipigia tena. Mazungumzo yalikuwa yameshuka na alikuwa tayari kuandika kapsheni nyingine. Nikamwambia afungue safu ya `Frequency`, inayoonyesha kila mtu ameliona tangazo mara ngapi kwa wastani. Siku za mwanzo ilikuwa moja na kitu, sasa ilikuwa inakaribia nne. Maandishi hayakuwa na kosa. Watu wale wale walikuwa wameshaliona, wanaotaka wameshanunua. Tukapanua eneo la walengwa kutoka Dar peke yake tukaongeza Morogoro na Dodoma, ambako mabasi yake huondoka kila siku, na kwenye aya ya kwanza ya kapsheni tukabadili neno moja tu: "mikoani kwa basi" ikawa "Moro/Dom kwa basi". Herufi zilibaki ndani ya 125.